Jenereta inakula 155,000 kwa mwezi: je, sola ya milioni 12.7 itarudisha hela yake?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Pasua, Moshi. Nyumbani nina friji moja na friza mbili, nauza kuku wa kugandisha na juisi za barafu. Umeme wa TANESCO natumia uniti 240 hivi kwa mwezi, yaani 85,000. Umeme ukikatika nawasha jenereta ya dizeli ya kilowati 5 niliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi wa nne niliandika kwenye daftari: iliwaka saa 45, ikanywa lita 45, na dizeli nilinunua kwa 3,000. Oili na matengenezo mwaka jana vilikula 240,000. Fundi anabadilisha oili kila saa 100 na alikuja mara tano.*

*Kijana wa duka la sola kaniletea ankara ya 12,740,000. Inveta ya kilowati 5 ni 1,900,000. Betri mbili za lithiamu za uniti 5 kila moja ni 6,400,000. Paneli nane za wati 550 ni 2,240,000. Fremu, nyaya na breka 1,300,000, ufundi na usafiri 900,000. Anasema LUKU na jenereta ni 240,000 kwa mwezi, kwa hiyo mtambo unajilipa kwa miaka minne na nusu, baada ya hapo umeme ni wa bure. Hela sina, nitakopa SACCOS kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Mume wangu anasema tuchukue wote kwa mpigo. Mimi moyo unasita. Je, hesabu ya yule kijana ni ya kweli?*

*Mama Friza, Pasua*

---

Marahaba mwanangu. Hesabu ya kijana haina uongo wa wazi, na ndiyo maana imekusumbua. Alichofanya ni kuchukua kila shilingi unayoitoa kwa umeme, akaigawanya kwenye ankara yake, kana kwamba siku mafundi wakishuka darini hutanunua LUKU tena wala kuwasha jenereta tena. Pia ameuza vitu vitatu tofauti kwa bei moja. Tuvitenganishe, utaona kimoja kinakulipa vizuri, kingine kinakulipa vizuri zaidi, na cha tatu kinakula faida ya vile viwili vya kwanza.

Tuanze na kinachokuumiza. Lita 45 kwa 3,000 ni 135,000, na matengenezo ni 20,000 kwa mwezi, jumla 155,000. Nilipoona saa 45 za mwezi mmoja nilitaka kuzikataa, kwa sababu mwezi wa nne ni masika na huko Moshi upepo na matawi ya miti huangusha nyaya kuliko miezi mingine. Kilichonisadikisha ni oili. Fundi aliyekuja mara tano kwa mwaka, kila baada ya saa 100, anasema jenereta iliwaka saa 500, sawa na saa 42 kwa mwezi. Daftari lako na oili vinakubaliana, basi tuendelee na 45.

Sasa uliza hizo saa 45 zilikupa umeme kiasi gani. Friza mbili, friji, taa na televisheni, ukizipima kwa pamoja wakati jenereta inawaka, huwa zinavuta wastani wa wati 600 hivi, kwa sababu kompresa haziwaki muda wote. Wati 600 kwa saa 45 ni uniti 27. Gawa 155,000 kwa 27: unalipa takribani 5,700 kwa uniti moja! Lita ya dizeli ina nishati ya kama uniti 10 ndani yake, na jenereta ndogo iliyobebeshwa mzigo wake sawasawa hutoa uniti mbili na nusu au tatu kwa lita. Ya kwako inatoa nusu uniti na kidogo, kwa kuwa injini ya kilowati 5 inazungushwa kubeba kazi ya wati 600. Ni kama kumtuma dereva wa Fuso akalete kiberiti sokoni. Angalia mdomo wa ekzosi: ukikuta masizi mabichi yenye oili, hiyo ndiyo dalili ya injini inayofanya kazi bila mzigo wa kutosha.

Uniti ya TANESCO ni habari nyingine kabisa. Kwa matumizi yako upo kwenye kundi la T1, bei 292, bei iliyowekwa Aprili 2016. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika 356. Hakikisha mwenyewe kwenye ujumbe wa LUKU: ukinunua kwa 10,000 unapaswa kupata uniti 28 na pointi chache. Tumia risiti ya pili ya mwezi, kwa sababu ile ya kwanza hukatwa kodi ya jengo, na hiyo kodi sola haikuondolei.

Kwa hiyo una umeme wa namna mbili ndani ya nyumba moja: uniti 27 za 5,700 na uniti 240 za 356. Kila kifaa kwenye ile ankara kihukumiwe kwa swali moja tu, kinaondoa uniti zipi kati ya hizo.

Fungu la kwanza: inveta na betri moja, bila paneli hata moja

Watu wengi hawajui kuwa hili linawezekana, na wauza sola hawana haraka ya kulitaja. Inveta inachaji betri kwa umeme wa TANESCO ule ule wa 356. Umeme ukikatika, betri inashika kazi, friza hata hazishtuki. Kwenye ankara yako fungu hili ni inveta 1,900,000, betri moja 3,200,000, na breka, waya wa ardhini na ufundi tuseme 600,000. Jumla 5,700,000.

Betri ya uniti 5 haikupi uniti 5. Huimalizi hadi chini, na inveta inakula kidogo katika kugeuza umeme. Mkononi hesabu uniti 4 na robo hivi. Kwa wati 600 ni saa saba. Kukatika kwingi kunaisha ndani ya saa hizo, lakini zipo siku nguzo inaanguka asubuhi na gari la mafundi linafika jioni. Kwa hiyo kati ya saa 45 tuseme betri inabeba 40, na saa 5 bado utawasha dizeli. Ndiyo maana nakuambia usiuze jenereta ya mzee, na wala usiweke bei yake kwenye hesabu hii: ilishalipwa.

Kila saa ya jenereta inakugharimu kama 3,440, yaani dizeli na sehemu yake ya oili. Saa 40 ni 137,800. Hapo toa gharama ya kuendesha mtambo wenyewe. Kuichaji betri kwa ajili ya saa hizo kunataka uniti 28. Halafu kuna mlaji ambaye hayumo kwenye ankara yoyote niliyowahi kuiona: inveta yenyewe. Inveta ya ukubwa huo ikiwa imewashwa tu, bila kubeba chochote, inavuta kama wati 50, usiku na mchana. Kwa mwezi ni uniti 36. Ukijumlisha ni uniti 64, kwa 356 ni 22,800. Kinachobaki mkononi ni 115,000 kwa mwezi, au 1,380,000 kwa mwaka. Gawa 5,700,000 kwa hiyo: miaka minne na mwezi mmoja au miwili.

Lakini fungu hili linategemea kitu kimoja ambacho si wewe wala fundi anayekiamua, nacho ni saa za kukatika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 umebaki kuwa hadithi. Bwawa haliwezi kuzuia tawi la mgrevilea kuangukia waya wa mtaani kwenu, wala transfoma kuungua, na nadhani kukatika kwenu ni kwa aina hiyo. Hata hivyo tufanye TANESCO wabadilishe nguzo na kusafisha njia ya waya, na saa zako zishuke kutoka 45 hadi 15. Fungu lile lile litakuokolea 35,000 tu kwa mwezi, na miaka minne inageuka miaka 13 na nusu. Kabla hujasaini mkopo, mtafute msoma mita au fundi wa TANESCO wa eneo lenu umuulize kama kuna kazi inayopangwa kwenye laini yenu. Na daftari lako liendelee walau hadi mwezi wa saba, ili uone miezi ya kiangazi inasemaje.

Fungu la pili: paneli nne

Hapa ndipo wengi hushangaa. Paneli, ambazo kila mtu anadhani ndizo ghali, ndizo zinazorudisha hela haraka. Nne kwa bei ya ankara yako ni 1,120,000, na fremu, nyaya na kazi ya darini tuseme 1,000,000. Jumla 2,120,000.

Paneli nne za wati 550 ni kilowati 2.2. Kwa Moshi mjini mimi huhesabu kila kilowati moja kuwa na uniti 4 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Mwuzaji atakupa 5 na nusu, namba kubwa mno kwa Moshi. Sisi tuna mlima. Kuanzia masika hadi mwezi wa nane mawingu hukaa juu yetu asubuhi nzima, na wenzetu wa Kibosho na Machame wanaona kidogo kuliko nyie wa Pasua. Basi ni uniti 8.8 kwa siku.

Lakini uniti zinazozalishwa si uniti zinazookolewa. Saa saba mchana watoto wako shule, pasi imelala, taa zimezimwa, betri imejaa tangu saa nne. Paneli ziko juani na hazina wa kumpa umeme, basi inveta inazipunguza tu kimyakimya. Hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuambia umepoteza. Kwa nyumba yako, friza zikiwa ndizo mlaji mkubwa wa mchana, na betri ikibeba kidogo kupeleka jioni, mimi natarajia utumie uniti 5 na nusu kati ya zile 8.8. Hizo ni 165 kwa mwezi, kwa 356 ni 58,700. Kwa mwaka ni 705,000, na fungu linajilipa kwa miaka mitatu.

Namba hii iko mikononi mwako kuliko ile ya kwanza. Pampu ya maji kama unayo iwashwe saa tano asubuhi badala ya saa kumi na mbili jioni. Pasi vilevile. Kuku wapya waingie friza asubuhi, kwa kuwa kugandisha nyama ya joto ndiyo kazi kubwa ya kompresa, na usiku friza itakuwa inalinda baridi tu. Bila mabadiliko hayo utapata uniti 4 kwa siku, na miaka mitatu inakuwa minne na kitu.

Kuna jambo la kumwambia fundi hapa, maana mafundi wengi huliacha kama kiwanda kilivyoliweka. Betri yako ina kazi mbili zinazogombana: kungoja umeme ukatike, na kupunguza LUKU ya jioni. Kwenye inveta nyingi zinazouzwa Moshi na Arusha utaona kwenye skrini maneno `SBU` na `SUB`. Ukiweka `SBU`, jua linatumika kwanza, kisha betri, na TANESCO mwisho, kwa hiyo saa tatu usiku betri inaweza kuwa imeshuka sana, na umeme ukikatika saa nne unarudi kwenye dizeli. Ukiweka `SUB`, betri inangoja kukatika tu. Kwa hali yako, weka `SBU`, lakini mwambie fundi apange inveta irudi TANESCO betri ikifika asilimia 60. Unatumia sehemu ya juu kila jioni, na sehemu ya chini, kama saa nne za friza, inabaki akiba.

Kwenye mambo ya paa nitapita haraka. Sisi tuko karibu na ikweta, upande wa kusini kidogo, kwa hiyo paneli zitazame kaskazini kama paa linaruhusu, zikiinama kiasi cha mvua kuziosha. Paa la mashariki na magharibi halina hasara kubwa. Hasara kubwa ni kivuli. Paneli zimefungwa mfululizo, na mwembe unaofunika kona ya moja unazivuta zote nne. Panda ngazi saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri uone kivuli kinaishia wapi, kabla fremu haijapigwa misumari.

Fungu la tatu: betri ya pili na paneli nne nyingine

Kwenye ankara hiki ndicho kilichobaki: betri 3,200,000, paneli 1,120,000, fremu na ufundi 600,000. Jumla 4,920,000, karibu sawa na lile fungu la kwanza.

Kinaongeza nini? Nyumba yako inatumia uniti 8 hadi 9 kwa siku. Paneli nane zingezalisha zaidi ya 17. Nusu yake haina pa kwenda, na betri mbili zikijaa zimejaa. Ukilipa hela hii utaokoa labda uniti moja na nusu zaidi kwa siku, hasa zile za usiku, yaani 45 kwa mwezi, 16,000. Na zile saa 5 za jenereta zilizobaki zitapungua hadi 2, unaokoa 10,300. Jumla 26,300 kwa mwezi. Gawa: miaka 15 na nusu. Waranti ya betri nyingi za aina hii, kwenye karatasi, ni miaka 5 hadi 10. Waranti itaisha kabla betri haijarudisha hela yake.

Unaona sasa ujanja ulipo. Ukiweka mafungu yote matatu pamoja unaokoa 200,000 kwa mwezi, siyo 240,000, na mtambo wa 12,740,000 unajilipa kwa miaka mitano na miezi mitatu au minne. Si mbaya kuisikia. Ila ukinunua mawili ya kwanza tu, 7,820,000, unaokoa 173,700 kwa mwezi na unamaliza kwa miaka mitatu na miezi tisa. Fungu la tatu lilikuwa limejificha nyuma ya mgongo wa wenzake.

Mumeo huenda akasema biashara itakua, mtanunua friza ya tatu. Ikinunuliwa, paneli zitaongezwa siku hiyo. Muhimu ni inveta iwe ile ya kilowati 5 tangu mwanzo, na fremu iachwe nafasi. Inveta ndogo ya kilowati 3 ni rahisi kidogo, lakini friza mbili na friji zikistuka kuwaka kwa pamoja zinavuta mara kadhaa ya kawaida yake, na utaisikia ikilia usiku.

Kuna jirani atakayekuja kuangalia paa lako na kutaka kukuiga. Muulize uniti zake. Kama anatumia 60 kwa mwezi na yuko kundi la D1, uniti yake ni 100, na kodi zote ni 122. Paneli ile ile inayokulipa kwa miaka mitatu itamchukua yeye zaidi ya miaka minane, hata kama angeweza kutumia uniti 165 kwa mwezi kama wewe.

Mkopo

Hapa ndipo moyo wako ulisita kwa haki. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayopungua na deni, milioni 7.82 kwa miezi 36 ni rejesho la 260,000 kwa mwezi. Unachookoa ni 173,700. Kwa hiyo kila mwezi kwa miaka mitatu kuna 86,000 za kutoka kwenye kuku na juisi. Ukikopa ile 12,740,000, rejesho ni 423,000 dhidi ya akiba ya 200,000, na pengo ni 223,000. Biashara yako inaweza kubeba pengo la kwanza. La pili sijui linatoka wapi bila kugusa mtaji. Waulize SACCOS kama riba ni ya kupungua na deni au inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, kwa sababu hiyo ya pili ina asilimia ile ile kwenye karatasi lakini inakutoza karibu mara mbili.

Riba nayo ni gharama ya mtambo. Kwa 7.82 utarudisha milioni 9.35 hivi, na muda wa kujilipa unasogea hadi miaka minne na nusu. Ndiyo ile namba ya yule kijana, ila hii yako imehesabu riba.

Kama mkopo unakupa usingizi mbaya, anza na fungu la kwanza peke yake mwaka huu, kwani ndilo linalozima dizeli, kisha, mkopo wake ukiisha, paneli zifuate kwa akiba ya miezi 18 hivi. Usianze kwa paneli: bila betri, inveta nyingi hizi hazitakupa kitu umeme ukikatika, na dizeli yako itabaki pale pale.

Betri ile ipimwe kabla hujamalizia malipo

Hesabu yote hii inasimama juu ya betri yenye uniti 5 za kweli. Mwaka niliojenga kwangu Sakina, Arusha, niliuziwa betri nne za jeli kwa maneno matamu. Kwenye lebo zilikuwa na ukubwa wa kunitosha usiku mzima. Mwezi wa 14 taa zilianza kufifia saa mbili usiku, na nilipozipima zilibaki na theluthi. Muuzaji alisema nimezitumia vibaya, na kweli sikuwa na ushahidi wowote wa hali zilivyokuwa siku ya kwanza. Hesabu niliyokuwa nimejipigia ya miaka mitano ilikufa pale, maana ilinibidi ninunue betri mara ya pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na saa-ampea 100 ina uzito wa kilo 45 hivi, zaidi au pungufu kidogo. Ikija ambayo kijana mmoja anaibeba kwa mkono mmoja akicheka, ipandishe kwenye mizani yako ya kuku. Kilo 28 haiwezi kuwa na uniti 5 ndani yake.

Kisha ifungwe, ichajiwe hadi asilimia 100 usiku. Asubuhi, kabla paneli hazijaunganishwa au breka yake ikiwa imezimwa, zima breka ya TANESCO na uweke mzigo usiobadilikabadilika. Friza hazifai kwa kipimo hiki kwa kuwa zinawaka na kuzima. Tafuta balbu za zamani au hita ndogo mpaka skrini ya inveta isome karibu wati 500. Andika saa uliyoanza. Betri nzima ya uniti 5 itakupeleka saa nane au karibu saa tisa kabla inveta haijajizima. Ikizima saa ya tano, umeuziwa betri ya uniti 3, na miaka yako minne imekuwa zaidi ya mitano hata kabla fundi hajashuka ngazi. Andika kwenye makubaliano kuwa 1,000,000 ya mwisho inalipwa baada ya kipimo hiki, na fundi asaini kabla ya kupokea malipo ya awali. Fundi mzuri hatakataa, atakuletea na hizo balbu.

Na ule waya wa jenereta unaochomekwa kwenye soketi ya jikoni, kama ndivyo unavyofanya, uondoke siku hiyo hiyo. Fundi afunge swichi ya kuhamisha yenye nafasi tatu, TANESCO, katikati hakuna kitu, na jenereta, ili dizeli isije ikakutana na inveta wala na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.

Mrudishie kijana ankara yake, umwombe aiandike upya kwa mafungu mawili, kila moja na bei ya ufundi wake. Bei nilizogawa mimi za fremu na ufundi ni za kukadiria kutoka kwenye jumla yake. Akikuletea zake, weka namba zake pale nilipoweka zangu. Ikiwa ufundi wa fungu la kwanza utavuka 900,000, niandikie tena kabla hujatoa hela.